Chati ya joto la asubuhi inapogoma kusomeka

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 31, aliniletea daftari la miraba ambamo alikuwa amechora joto lake la kila asubuhi kwa mzunguko mzima wa siku 33. Juu ya ukurasa aliandika kwa kalamu nyekundu, ile ile ya kusahihishia: "Hakuna yai." Alifikia uamuzi huo kwa sababu mbili. Mstari wake, kwa jinsi alivyousoma, haukupanda mahali popote, na kipimo cha damu alichochukuliwa siku ya 21 kilirudi na kiwango cha chini cha projesteroni. Daftari hilo nitalirudia baadaye, kwa sababu yai lilikuwapo na ushahidi wake ulikuwa umechorwa pale pale kwenye ukurasa. Kwanza ieleweke ni kitu gani hasa kinachotafutwa katika chati hizi.

Tangu siku ya kwanza ya hedhi hadi yai linapokaribia kutoka, joto la mwanamke aliyeamka lakini hajaondoka kitandani hukaa chini, kwa walio wengi kati ya nyuzi 36.1 na 36.5. Yai likishatoka kwenye ovari, kijifuko kilicholibeba hakipotei papo hapo, bali hugeuka kuwa tezi ndogo ya muda, yenye rangi ya manjano, ambayo humwaga homoni ya projesteroni kwenye damu. Homoni hiyo hugusa sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, na joto hupanda kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5, kisha hubaki huko juu mpaka tezi inyauke, projesteroni ishuke na hedhi ije. Kwa hiyo chati nzuri ina ngazi mbili, ya chini na ya juu, na kazi yote ya msomaji ni kutafuta mahali ambapo ngazi ya kwanza inaishia na ya pili inaanza.

Mambo mawili yanafuata hapo, na kuyasahau huzaa nusu ya malalamiko ninayoyasikia. La kwanza ni kwamba joto hupanda baada ya yai kutoka, nalo yai huishi kwa muda usiozidi siku moja hivi. Kwa hiyo chati huthibitisha jambo lililokwisha kupita, haitabiri la kesho. Anayengoja joto lipande ndipo atafute mimba amefika sokoni wakati wauzaji wanakunja mikeka. La pili ni kwamba kinachopandisha joto ni projesteroni, si yai lenyewe, na chochote kinacholeta projesteroni mwilini, vikiwamo vidonge vyake vinavyoandikwa na daktari, kinaweza kupandisha mstari bila yai kuhusika.

Kanuni ya kusoma ni fupi. Tafuta siku tatu zinazofuatana ambazo joto lake ni kubwa kuliko la kila moja ya siku sita zilizotangulia. Chora mstari mlalo kwenye joto kubwa kuliko yote katika zile sita, nao ndio mstari wa mpaka. Siku zote tatu lazima ziwe juu ya mpaka, na ile ya tatu iwe juu yake kwa nyuzi 0.2 au zaidi. Hayo yakitimia, yai limethibitika kutoka, na siku ya kutoka kwake hukadiriwa kuwa karibu na siku ya mwisho ya joto la chini, ingawa inaweza kupishana nayo kwa siku moja au mbili. Usimwamini anayedai kwamba chati humwonyesha saa.

Mstari unapanda na kushuka kama meno ya msumeno

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na karibu kila mara kosa liko kwenye upimaji. Kabla ya kuushuku mwili, kishuku kipimajoto. Asubuhi moja, ukiwa bado umelala, jipime mara tatu mfululizo mahali pale pale bila kusogea. Majibu yakiachana kwa zaidi ya nyuzi 0.1, kifaa hicho hakifai kwa kazi hii, au betri yake imechoka, au unakitoa mdomoni mapema mno. Vipimajoto vingi vya kidijitali hulia baada ya sekunde chache kwa sababu vimetengenezwa kumpima mgonjwa wa homa, ambaye tofauti ya nyuzi 0.1 haimbadilishii tiba. Kwa chati hii, tofauti nzima tunayoitafuta inaweza kuwa nyuzi 0.2 tu. Ndiyo maana kinatakiwa kipimajoto kinachoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta, yaani 36.45 na si 36.4 pekee, na ni vyema kukiacha chini ya ulimi kwa dakika tatu kamili, mdomo ukiwa umefungwa, hata kama kimekwisha kulia. Vile vya kuelekezwa kwenye paji la uso, tulivyovizoea milangoni mwa ofisi wakati wa korona, viache kabisa, na kwapani pia hapafai kwa kuwa joto lake huyumba.

Mahali pa kupimia pasibadilike katikati ya mzunguko. Anayelala akipumua kwa mdomo, au mwenye mafua, atapata joto la mdomoni la chini na lisilotulia, na huyo hupata chati iliyonyooka zaidi akipimia ukeni au kwenye njia ya haja kubwa. Lakini ahame siku ya kwanza ya hedhi inayofuata, asihame siku ya 12, kwa sababu sehemu hizo zina joto la juu kuliko la mdomoni na mhamo wenyewe utaonekana kama kupanda.

Kipimajoto kikiwa salama, tazama saa na usingizi. Joto la mwili huwa chini kabisa usiku wa manane kuelekea alfajiri, kisha hupanda lenyewe kadiri mchana unavyokaribia, kwa hiyo aliyejipima saa 11 alfajiri siku za kazi na saa 3 asubuhi siku ya Jumapili atachora vilele vya Jumapili ambavyo havina uhusiano wowote na ovari zake. Chagua saa moja uishike, usiikiuke kwa zaidi ya nusu saa hivi, na iwe baada ya usingizi usiokatika wa saa tatu au zaidi. Mama anayenyonyesha usiku, au muuguzi wa zamu, hawezi kuahidi hilo kila siku. Kwake ushauri ni kujipima baada ya kipande kirefu zaidi cha usingizi alichokipata, kuandika saa pembeni, na kukubali kwamba baadhi ya mizunguko haitasomeka kwa joto peke yake.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji neno lake. Mwanamke anayefunga huamka saa 10 usiku kwa ajili ya daku, akala, akaswali alfajiri, kisha wengi hurudi kulala kidogo. Joto linalofaa kuandikwa ni lile la saa 10, kabla hajaketi kitandani na kabla ya tone la maji kupita mdomoni, mradi awe amelala saa tatu tangu aliporudi kutoka tarawehe. Joto la usingizi wa pili, baada ya chakula cha moto na ibada, halifai. Akiingia hedhini na kuacha kufunga, huenda saa yake ya kuamka ikarudi ya zamani, isipokuwa akiwa ndiye anayewapikia wengine daku, na hapo chati itakuwa na saa mbili tofauti. Si balaa, kwa kuwa siku za hedhi hazihesabiwi sana katika zile sita, lakini apige alama mahali saa zilipobadilika ili asije akaisoma hatua hiyo kama kupanda kwa joto.

Nikiwa hapo hapo kwenye saa, kuna kosa dogo ambalo nimeliona zaidi ya mara moja kwa wanaotumia programu za simu. Mtu anajipima saa 11 alfajiri, anaandika 11:00, na programu inaelewa kwamba amejipima karibu na adhuhuri. Baadhi ya programu hulikataa joto hilo, nyingine hulirekebisha kimyakimya, na mstari unaharibika bila mhusika kujua. Kwa simu, saa 11 alfajiri ni 05:00. Angalia pia kama kipimajoto kimebonyezwa kwa bahati mbaya kikahama kutoka °C kwenda °F. Ukisoma 97.7 usitishike: hiyo ni nyuzi 36.5 za Selsiasi.

Nukta moja imeruka juu peke yake

Siku moja iliyoruka juu na kurudi chini kesho yake haithibitishi kitu, iwe siku ya 9 au ya 15. Sababu zake hujulikana: kulala usiku sana, pombe jioni ya jana, kuchelewa kuamka, kuinuka kumhudumia mtoto kabla ya kupima, au mwanzo wa homa. Siku hiyo iandikwe kama ilivyo, izungushiwe duara, sababu iandikwe chini yake, na isihesabiwe. Homa ya malaria inaweza kufuta siku kadhaa mfululizo, na parasetamoli ya kushusha homa huzidi kuvuruga picha. Hapo hakuna ujanja wa kuokoa siku hizo, zirukwe zote mpaka mwili utulie.

Onyo moja tu: duara lisiwe dawa ya kila nukta usiyoipenda. Joto lisilo na sababu iliyoandikwa asubuhi ile ile halifutwi wiki mbili baadaye kwa sababu linaharibu umbo la mstari.

Mstari haupandi popote

Sasa turudi kwa mwalimu na daftari lake. Hizi hapa ni asubuhi zake kumi, kuanzia siku ya 13 ya mzunguko:

Siku ya 13: 36.35
Siku ya 14: 36.40
Siku ya 15: 36.30
Siku ya 16: 36.75
Siku ya 17: 36.30
Siku ya 18: 36.35
Siku ya 19: 36.25
Siku ya 20: 36.50
Siku ya 21: 36.60
Siku ya 22: 36.65

Baada ya hapo joto lake lilicheza kati ya 36.60 na 36.75 hadi siku ya 33, na hedhi ikaja asubuhi iliyofuata.

Mwenyewe alikuwa amechora mstari wa mpaka kwenye 36.75, joto la siku ya 16, kwa kuwa ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote katika siku zilizotangulia. Mpaka ukiwa pale juu, hakuna siku yoyote baadaye iliyouvuka, na ndiyo maana akaandika kwa wekundu kwamba hakuna yai. Nilimwuliza siku ya 16 ilikuwa siku gani. Akafungua kalenda ya simu, akacheka: ilikuwa asubuhi ya baada ya harusi ya binamu yake. Walirudi nyumbani saa 9 usiku, akaamka saa 3 asubuhi, akajipima akiwa amekwisha kuzungumza na watu wawili waliofika mlangoni. Kwenye safu ya maelezo ya siku hiyo hakuwa ameandika kitu.

Mtu makini atauliza kama hapa hatufanyi lile lile nililolikataza hapo juu, la kufuta nukta baada ya kuona matokeo. Tofauti ni kwamba saa ya kujipima ilikuwamo kwenye kumbukumbu ya programu yake, na harusi ilikuwamo kwenye kalenda. Sababu ilikuwapo siku ile ile, ila haikuhamishiwa daftarini. Basi tukaizungushia duara siku ya 16, tukahesabu siku sita zilizo salama kurudi nyuma kutoka ya 20, yaani ya 19, 18, 17, 15, 14 na 13. Kubwa kati yake ni 36.40, na hapo ndipo mpaka unapokaa. Siku ya 20 iko juu yake kwa 0.10, ya 21 kwa 0.20, ya 22 kwa 0.25. Tatu juu ya sita, na ya tatu imepita nyuzi 0.2. Yai lilitoka, kwa makadirio, siku ya 19 au karibu nayo.

Shahidi wa pili alikuwa ute wa uzazi, ambao kwa bahati nzuri alikuwa akiuandika. Siku ya 17 hadi ya 19 aliona ute mwepesi, unaong'aa na kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, na siku ya 20 ulikuwa umekauka. Ute wa namna hiyo huletwa na homoni ya estrojeni yai linapokaribia kutoka, kwa hiyo hutangulia pale joto linapofuata, na vikikutana namna hii mahali pamoja usomaji unapata nguvu. Ute peke yake hauthibitishi, kwa kuwa mwili unaweza kujiandaa kutoa yai, ukaghairi, ukajaribu tena wiki moja au mbili baadaye. Joto ndilo linalotia muhuri.

Na ile damu ya siku ya 21? Hospitali alikokwenda, kama ilivyo desturi mahali pengi, ilimpangia kipimo cha projesteroni siku ya 21, tarehe inayomfaa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 anayetoa yai karibu na siku ya 14. Kinachotakiwa hasa ni damu ya siku saba hivi kabla ya hedhi ijayo, wakati tezi ile ya manjano inafanya kazi kwa nguvu zote. Kwa mwalimu wetu, siku ya 21 ilikuwa siku mbili tu baada ya yai kutoka, na projesteroni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Kipimo kilisema kweli kuhusu siku hiyo, ila siku hiyo haikuwa na jibu la swali lililoulizwa. Kwa mzunguko wake, siku ya 26 au 27 ndiyo ingefaa.

Si kila mstari usiopanda una harusi ndani yake, hata hivyo. Sababu ya kwanza ya kuangalia ni dawa za uzazi wa mpango. Anayetumia vidonge vyenye homoni mbili, sindano ya miezi mitatu au kipandikizi hana ngazi mbili za kutafuta, maana nyingi ya njia hizo huzuia yai lisitoke na zenyewe huingiza homoni mwilini. Kuchora chati wakati huo ni kupoteza wino. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu ajue kwamba mayai yanaweza kuchukua miezi mingi kurudi, mara nyingine karibu mwaka, na chati tambarare ya kipindi hicho haimaanishi kwamba ameharibika. Hali ni hiyo kwa mama anayenyonyesha ambaye hedhi yake bado haijatulia, na kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi.

Pili, hesabu kama umepima muda wa kutosha. Chati iliyoanza siku ya 14 kwa mtu aliyetoa yai siku ya 12 itakuwa na ngazi ya juu peke yake, nayo huonekana tambarare. Anza baada ya hedhi kukata au kabla yake, usikose siku, na usiache mpaka hedhi nyingine ije.

Yote hayo yakiwa sawa, upimaji ukiwa wa kuaminika, na mstari bado umelala chini toka mwanzo hadi hedhi, basi huenda kweli mzunguko huo haukuwa na yai. Kutoka damu si uthibitisho wa yai. Ukuta wa kizazi unaweza kubomoka na kutoka hata pale ambapo yai halikupevuka. Mzunguko mmoja wa namna hiyo hutokea kwa wanawake wazima kabisa, hasa baada ya ugonjwa, safari ndefu au msongo mkali. Mizunguko miwili au mitatu mfululizo, au hedhi zinazoachana kwa zaidi ya siku 35, ni jambo la daktari, ambaye ataangalia mambo kama tezi ya thairoidi, homoni ya prolaktini na ovari zenye vifuko vingi vidogo.

Joto linapanda kwa kujivuta

Wapo wanaopanda ngazi hatua kwa hatua, 0.05 leo na 0.05 kesho, na siku ya tatu iko juu ya mpaka lakini kwa nyuzi 0.15 tu. Kanuni inaruhusu kungoja siku ya nne: nayo ikiwa juu ya mpaka, inatosha, hata kama haijafikisha 0.2. Wengine hupanda, siku moja ikatumbukia kwenye mpaka au chini yake, kisha ikapanda tena. Siku hiyo huachwa, huongezwa ya nne, na hapo ya nne lazima ifikishe nyuzi 0.2 juu ya mpaka. Ruhusa hizi mbili hazitumiki pamoja katika chati moja. Ukilazimika kuzitumia zote, sema hujui na uendelee kupima.

Joto limepanda, likashuka mapema

Hesabu siku kuanzia ile ya kwanza iliyo juu ya mpaka hadi ile ya mwisho kabla ya hedhi. Kwa wengi huwa 12 hadi 14, na kwa mwanamke mmoja idadi hiyo haibadiliki sana mwezi kwa mwezi, hata kama mzunguko wake hurefuka na kufupika. Kinachorefuka huwa ni nusu ya kwanza. Mwalimu alikuwa nazo 14, kutoka siku ya 20 hadi ya 33, na hilo nalo lilinipa imani kwamba mpaka tuliuchora mahali pake.

Ukipata siku chini ya 10, angalia kwanza kama matone mepesi ya rangi ya kahawia umeyahesabu kuwa hedhi. Siku ya kwanza ya hedhi ni ile inayokuja na damu nyekundu ya kutiririka. Matone yaliyotangulia ni ya mzunguko uliopita. Ukisahihisha na bado muda ni mfupi katika chati tatu, zipeleke kwa daktari zote tatu, si ile mbaya peke yake.

Kuhusu joto kushuka kwa siku moja katikati ya ngazi ya juu, ambako wengine hukuita dalili ya mimba kujishikiza, sitatumia maneno mengi: hutokea kwenye mizunguko yenye mimba na isiyo na mimba, na halifai kumpa mtu matumaini wala kumnyang'anya.

Joto halishuki

Siku 18 au zaidi za joto la juu, bila homa na bila vidonge vya projesteroni, zinaashiria mimba, na kipimo cha mkojo kinachouzwa duka la dawa kitatoa jibu. Kipimo kikikataa, hakikisha kwanza kwamba hesabu ilianza kwenye kupanda kwa kweli na si kwenye nukta iliyoruka, kisha rudia baada ya siku chache. Anayetumia vidonge vya projesteroni baada ya yai kutoka asijitegemee kwenye joto hata kidogo, kwa kuwa dawa yenyewe inaweza kulishikilia juu. Na mwenye joto la juu la muda mrefu linaloambatana na maumivu makali ya tumbo upande mmoja au damu isiyo ya kawaida asikae nyumbani kuchora; aende hospitali siku hiyo hiyo, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huja na projesteroni.

Pale chati inapoishia

Kuna hali ambayo kijifuko hugeuka tezi na kumwaga projesteroni ilhali yai limebaki ndani yake. Chati ya mwanamke huyo itakuwa na ngazi mbili nzuri kabisa, na ni ultrasaundi za kufuatana tu zinazoweza kuonyesha kwamba kijifuko hakikupasuka. Chati pia haioni mirija iliyoziba, haioni mbegu za mwanamume, na haisemi kama yai lililotoka ni zima. Kwa wanaotafuta mimba, kupanda kwa joto kwa mizunguko mitatu mfululizo kunajibu swali moja tu, na kunampa daktari sababu ya kutafuta mahali pengine. Mwenye umri chini ya miaka 35 huenda kwa uchunguzi baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, na mwenye 35 au zaidi baada ya miezi sita.

Mwalimu alirudi hospitali mzunguko uliofuata. Joto lake lilipanda siku ya 19 badala ya ya 20, kwa hiyo damu ilichukuliwa siku ya 26, na projesteroni ilikuwa juu sana ya nanogramu 3 kwa mililita, kiwango ambacho madaktari hukichukua kuwa uthibitisho kwamba yai limetoka. Aliondoka hapo na karatasi ya kipimo kingine, na safari hii jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la mume wake.